Miting imehama chumba na linki chini ya saa moja kabla, nusu ya watu wakapotea. Mnatangazaje mabadiliko mpaka kila mtu afike?

Katibu_Posta:
Wakuu habari za jioni. Mi ni mratibu kwenye ofisi moja hapa mjini Posta, kazi yangu ni ratiba na vikao vya timu. Jumanne tulikuwa na kikao cha saa 4 asubuhi, watu 18. 11 wapo hapa Dar, 4 wanaingia kwa mtandao kutoka Mwanza na Dodoma, 3 ni wageni wa nje tunaofanya nao kazi. Chumba chetu ni cha ghorofa ya pili. Saa 3 na dakika 10 naambiwa bosi amepata ugeni wa ghafla na chumba anakichukua yeye. Nikapanda juu nikapata nafasi ghorofa ya tano.

Saa 3:18 nikaandika kwenye grupu la WhatsApp, nawawekea kama ilivyo: "Habari za asubuhi wapendwa, natumaini mmeamka salama. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza, kikao chetu cha leo kitafanyika ukumbi wa juu, na wale wa mtandaoni tutatumia linki hii hapa." Baadae nikaona linki nimeikopi pungufu, herufi za mwisho zimekatika, nikaediti meseji saa 3:31 nikaweka iliyo sahihi. Pia nikatengeneza tukio jipya kwenye kalenda.

Saa 4 kamili hali ilikuwa hivi. Juu kwenye chumba kipya watu 6. Wanne wamesimama mlangoni ghorofa ya pili, mmoja kafungua mlango kabisa kakuta wageni wa bosi. Mmoja yupo kwenye mwendokasi Kimara. Wa mtandaoni wawili wapo kwenye linki ya zamani wanasubiri, mmoja yupo kwenye mpya, mmoja hatukumpata kabisa. Wageni watatu wapo mapokezi chini hawajui waende wapi. Tukaanza saa 4:35, na saa 5 na robo Zoom ikakata wote waliokuwa mtandaoni. Nilijisikia vibaya sana kwa sababu nilitangaza, tena mapema. Nilikosea wapi?

Mzee_wa_Tandika:
Pole sana binti. Hapo hujakosea, watu wetu hawasomi. Mimi ofisini kwangu nikiweka meseji kwenye WhatsApp naipini juu pale siku 7, imeisha hiyo. Atakayekosa ni shauri yake. Imeili hamna mtu anafungua, na kalenda ndo kabisa. Pini tu.

Mkimara_Mwisho:
Dada kama mnatafuta ukumbi wa kukodi wa mikutano, Mbezi huku kuna sehemu nzuri, wana jenereta na parking ya kutosha. Bei mnaongea.

Katibu_Posta:
@Mkimara_Mwisho asante kaka lakini ukumbi tunao, shida ni kuwaambia watu umebadilika.

@Mzee_wa_Tandika shikamoo mzee. Sikuipini kweli. Ila nadhani hata ningepini wale wanne wa mlangoni wasingeona, kwa sababu wawili walisema bando liliisha toka usiku wanategemea waifai ya ofisini, na ofisini wameingia saa 4 kasoro dakika 3 wakaenda moja kwa moja ghorofa ya pili kama kila Jumanne.

Bwana_Ratiba:
Katibu pole. Nimeratibu vikao vya miradi zaidi ya miaka 10, vingine vya watu wa mikoa sita kwa pamoja, na hiki kilichokupata kimenipata kwa sura hiyohiyo. Kabla sijasema neno naomba unijibu kitu kimoja. Chumba kilihama, sawa, bosi kakichukua. Linki ya mtandaoni ilihama kwa nini?

Katibu_Posta:
Mkuu linki ya zamani ni ya Google Meet, ipo kwenye kalenda toka mwanzo wa mwaka. Kule juu ghorofa ya tano kuna kompyuta yake na tivi kubwa, kijana wa IT akafungua Zoom kwa akaunti yake binafsi maana ndo aliyoizoea, akanitumia linki nikaisambaza.

Bwana_Ratiba:
Basi nusu ya tatizo lako ipo hapo. Linki haikuwa na sababu ya kuhama. Chumba ni ukuta na viti, linki haijui ghorofa. Ile Meet ya siku zote ingefunguliwa kwenye kompyuta ya juu, watu wako wa Mwanza na Dodoma wasingehitaji kuambiwa chochote, wangeingia kama kawaida wakakuta mmekaa chumba kingine, basi. Hata kukatwa saa 5 na robo kusingetokea. Zoom ya bure inakata dakika 40, mlianza 4:35, hesabu inaangukia hapohapo.

Kwahiyo kitu changu cha kwanza siku zote, kabla sijaandika meseji, najiuliza ni nini HASA kimebadilika na ni nini naweza kukiacha palepale. Kila kitu unachobadilisha ni watu wengine wa kuwatafuta. Ukibadilisha chumba tu una watu 14 wa kuwafikia, yani wale 11 na wageni 3. Ukibadilisha na linki unakuwa na 18, na wale 4 wa mbali ndo wagumu maana huwezi kuwakimbilia kwenye korido.

Katibu_Posta:
Daah. Sikuwaza hivyo kabisa. Niliona kwa kuwa kikao kimehama basi kila kitu kimehama.

Fundi_Ubungo:
Naongezea la upande wa kalenda, maana hapo ndo watu wengi wanaanguka. Umesema ulitengeneza tukio jipya. La zamani ulilifanyaje?

Katibu_Posta:
Sikuligusa, niliona watu wataona jipya.

Fundi_Ubungo:
Haya, kwahiyo kila mtu alikuwa na matukio mawili saa 4, jina moja, vyumba viwili, linki mbili. Dakika 10 kabla simu inamkumbusha, na kumbukumbu inayokuja ni ya yote mawili, anabonyeza ya juu. Wale wawili wa Meet walifanya kitu sahihi kabisa, kalenda iliwaelekeza kule. Usiwalaumu.

Unaediti tukio lilelile. Unalifungua, unabadilisha sehemu ya chumba, alafu unashuka mpaka kwenye yale maelezo ya chini. Hapo ndo pana mtego, watu wengi walishawahi kubandika linki kwenye maelezo kwa mkono miezi mingi iliyopita, sasa unabadilisha linki ya juu ile ya chini inabaki inamsubiri mtu. Nimeona mwaliko mmoja una linki tatu, kila moja ya mwezi wake. Futa zote acha moja.

Ukisevu, Google Calendar itakuuliza kama utume imeili kwa waalikwa, bonyeza `Send`. Watu wanabonyeza `Don't send` wakiogopa kusumbua. Ukifanya hivyo tukio linabadilika kimyakimya kwenye kalenda zao, na wageni wako wa nje wanaotumia kalenda nyingine wanaweza wasijue lolote. Na kama kikao ni cha kila wiki itakuuliza pia unabadilisha lipi, chagua `This event`. Ukichagua `All events` umehamisha vikao vyote, Jumanne ijayo watu wanapanda ghorofa ya tano wewe uko ya pili.

Mama_Harusi_Sinza:
Hii imenigusa jamani. Mi sio ofisi, ni kamati ya harusi ya mdogo wangu. Tulikuwa tunakutana kila Jumapili saa 10 jioni sehemu moja Sinza, wiki moja pakawa na shughuli ya watu wengine tukahamia Mwenge. Mweka hazina akatangaza kwenye grupu, ila grupu la kamati wanatupia picha za vitambaa na salamu mpaka basi, tangazo likazama ndani ya nusu saa. Wajomba wawili, watu wazima, wakakaa Sinza mpaka saa 12 na nusu wanasubiri na michango yao mfukoni. Walinuna mpaka siku ya sendofu. Tangu hapo watu wazima mi nawapigia, sitangazi.

Mzee_wa_Tandika:
@Mama_Harusi_Sinza ndo maana nasema pini! Ungepini wajomba wangeona.

Bwana_Ratiba:
Mzee wangu, kwenye pini una haki yako kwa mtu ambaye amefungua grupu. Anayeingia saa 3:50 anakuta meseji 60, ile iliyopiniwa inamsaidia, hazami kutafuta. Ila haimwiti ambaye hajafungua. Na ambaye hana bando hata meseji yenyewe haijamfikia, utampinia nini? Kwahiyo pini ndio, ila usiseme imeisha.

Alafu Katibu, turudi kwenye kuediti kwako. Uliandika 3:18 ukaediti 3:31. WhatsApp inakuruhusu kuediti ndani ya dakika 15, ulibakiwa na dakika 2. Shida ni kwamba ukiediti simu ya mtu hailii tena. Aliyesoma 3:20 na kukopi linki mbovu, au aliyeifowadi kwa mwenzake, hana habari kuwa umerekebisha. Nadhani yule mmoja wa mtandaoni ambaye hamkumpata yupo hapo, alikuwa anagonga linki iliyokatika. Muulize.

Katibu_Posta:
Nimemuuliza sasa hivi, yuko Dodoma. Ni kweli mkuu. Alisoma mapema, akaifowadi kwenye imeili yake afungulie kwenye laptopu, saa 4 ikamwambia mkutano haupo. Akajua kimeahirishwa akaendelea na kazi.

Bwana_Ratiba:
Umeona. Ukikosea linki, namba ya chumba au saa, usiediti. Andika meseji MPYA inayoanza na neno MAREKEBISHO, simu ilie tena, alafu ile ya kwanza ifute kwa wote isizunguke. Kuediti ni kwa makosa ya herufi tu.

Sasa maneno yenyewe. Uliandika vizuri kwa adabu, lakini soma kwa macho ya mtu yupo kwenye daladala, simu imelia, anaangalia kioo kimefungwa. Anaona mistari miwili ya kwanza basi. Mistari yako miwili inasema habari za asubuhi wapendwa natumaini mmeamka salama. Anarudisha simu mfukoni. Habari yako ipo mstari wa tano.

Na "ukumbi wa juu" ni wapi? Kwa walio ghorofa ya pili juu ni ya tatu. Jengo lenu lina vyumba vingapi vya vikao juu?

Katibu_Posta:
Viwili, ya nne na ya tano. Na kuna mmoja kati ya wale sita alianzia ya nne kweli, aliniambia.

Mapokezi_Mjini:
Naomba na mimi niseme, sijawahi kuchangia ila hili naliishi kila siku. Mi nakaa mapokezi kwenye jengo la ofisi nyingi. Kikao kikihama mnaambiana nyinyi wenyewe juu huko, sisi wa chini na walinzi hamtuambii. Mgeni anafika, anaandika kwenye kitabu cha wageni, mlinzi anamuuliza unaenda wapi, anasema kikao ghorofa ya pili, mlinzi anamwambia haya panda. Kampeleka mwenyewe kwenye chumba kibaya, na kampeleka kwa heshima zote. Siku hizi kuna dada mmoja wa ofisi ya juu yangu, kikao kikihama anashuka mwenyewe na kikaratasi: jina la kikao, saa, ghorofa mpya, namba yake ya simu. Anakibandika kwenye dawati langu upande wa ndani na kingine anampa mlinzi. Wageni wake hawapotei hata siku moja.

Na tafadhali kwenye karatasi andikeni namba ya kubonyeza kwenye lifti. Kuna wageni wanahesabu ghorofa ya chini kama ya kwanza, ukiwaambia ya tano wanabonyeza 4.

Katibu_Posta:
@Mapokezi_Mjini asante dada, wageni wangu watatu walikaa chini dakika 20 kwa sababu hiyohiyo. Mlinzi aliwaambia chumba cha ghorofa ya pili kina watu, wakarudi wakakaa.

Kijana_wa_Mbagala:
Mi naona mnazungusha sana. Si unafuta tukio la zamani unaweka jipya, linabaki moja, hakuna wa kuchanganyikiwa?

Fundi_Ubungo:
Hapo kwenye kubaki na moja uko sawa ndugu. Ila ukifuta, kwanza inatoka imeili ya kusema tukio limefutwa, inaandika `Canceled event` na jina la kikao. Baada ya dakika kadhaa ndo inafika ya jipya. Mtu wa foleni ya Ubungo anaona ya kwanza, anashukuru Mungu, anageuza anaenda kwenye shughuli nyingine. Ya pili hataiona mpaka mchana. Na wote waliokuwa wameshakubali unaanza kuwaomba upya. Editi tu.

Kijana_wa_Mbagala:
Aah hapo nimekuelewa.

Dada_wa_Mradi:
Naomba niulize na mimi, kwetu kuna mshauri yupo Kigali na mwingine Lusaka. Tukihamisha kikao tunaandika kwa Kiswahili "saa 4" wa Kigali anapata tabu, mara anakuja saa moja baadae. Hili nalo linahusika?

Bwana_Ratiba:
Linahusika sana dada. Kigali na Lusaka wako nyuma yetu saa moja, saa 4 asubuhi ya Dar ni saa 3 kwao. Alafu kuna hii ya kwetu, sisi tunasema saa 4, kalenda inasema 10:00. Ukiandika 4:00 peke yake kwa mtu asiyehesabu saa za Kiswahili umempa saa nyingine kabisa. Mimi naandika hivi: saa 4 asubuhi ya Dar, kwenye kalenda 10:00. Na hata kama saa haijabadilika naandika kuwa SAA HAIJABADILIKA, maana mtu akisikia kikao kimehama kitu cha kwanza anachowaza ni saa.

Katibu, ingekuwa mimi Jumanne ile saa 3:10, ningefanya hivi. Kwanza ningepanda ghorofa ya tano kwa miguu yangu, nikae, nihesabu viti, niwashe tivi, nimuulize anayesimamia kama hakuna aliyekiweka kwa saa hiyo. Dakika 5 hizo ni lazima, kwa sababu ukitangaza chumba alafu nacho ukanyang'anywa, tangazo la pili hakuna anayeliamini. Saa 3:17 naediti tukio kwenye kalenda natuma. Jina lenyewe la kikao naliongezea mbele KIMEHAMIA GHOROFA YA 5, kwa sababu kumbukumbu ya simu inaonyesha jina. Saa 3:20 naandika grupuni:

"KIKAO CHA LEO KIMEHAMIA GHOROFA YA 5 (lifti bonyeza 5, toka kushoto, mlango wa mwisho). Ghorofa ya 2 USIENDE, kuna wageni wengine. Saa haijabadilika: saa 4 asubuhi, kalenda 10:00. Walio mtandaoni linki ni ILEILE ya siku zote, hakuna mpya. Ukisoma andika NIMEPATA. Poleni kwa usumbufu."

Pole ipo, ila mwisho. Wale wageni watatu naamini hawamo grupuni. Hao nawapigia simu, kila mmoja, dakika moja moja.

Katibu_Posta:
Hawamo kweli mkuu. Niliwatumia imeili tu, ya lile tukio jipya.

Bwana_Ratiba:
Wapigie. Alafu unachukua karatasi, unaandika majina 18 kwa mkono. Kila anayeandika NIMEPATA unamtia tiki. Saa 3:40 unaangalia nani hana tiki. Bonyeza meseji yako mwenyewe kwa muda, angalia `Info`, utaona `Read by` na `Delivered to`. Aliyesoma bila kujibu muache, ameona. Kwenye grupu hata aliyezima tiki za bluu anaonekana. Aliyefikiwa hajasoma, mtumie SMS ya kawaida. Ambaye hayupo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili simu yake imezimwa au haina bando, huyo piga, na usipompata mtafute anayekaa naye meza moja. Kwa hesabu zako siku ile wangebaki kama watu wanne wa kupigiwa. Ni dakika 10.

Mzee_wa_Tandika:
Hii ya Info sikuijua. Nimejaribu sasa hivi kwenye grupu la ofisi, tangazo langu la Ijumaa watu 9 kati ya 22 ndo wamesoma. Tisa! Na nimelipini.

Fundi_Ubungo:
Mzee usikate tamaa, sasa unajua wa kupigia ni akina nani.

Kuna kitu bado hatujagusa, mlango wa zamani. Mlango ule ubandikwe karatasi, herufi kubwa, na mtu asimame pale toka saa 4 kasoro dakika 10 mpaka 4 na dakika 15, maana karatasi watu wanaipita. Na linki ya zamani nayo ni mlango. Ikitokea siku linki imelazimika kubadilika kweli, mtu mmoja aingie kwenye ile ya zamani akae humo dakika 15 aelekeze. Msitegemee kuandika kwenye chati ya mkutano, mara nyingi anayeingia baadae haoni yaliyoandikwa kabla yake, inabidi ubandike linki upya kila anapoingia mtu. Kama ya zamani ni Zoom kuna ujanja mimi natumia, nabadilisha jina langu humo ndani naandika TUMEHAMIA MEET ANGALIA IMEILI, kila anayeingia anakuta jina hilo kwenye skrini. Ila kama na mpya ni Zoom, kwa akaunti ya bure huwezi kuendesha mikutano miwili kwa wakati mmoja, kwahiyo wa kukaa kule atumie akaunti tofauti.

Bwana_Ratiba:
Hapo kwenye kukaa dakika 15 mimi na wewe tunatofautiana kidogo. Linki ikihama napenda ya zamani ife kabisa, mtu akiingia akute haifanyi kazi, atapiga simu. Ukiiacha hai kuna siku watu watatu watakutana humo waanze kikao chao.

Fundi_Ubungo:
Ife sawa, ila yule wa Dodoma alikuta haifanyi kazi na hakupiga simu, alijua kimeahirishwa. Linki iliyokufa haimwambii mtu aende wapi.

Bwana_Ratiba:
Hilo nakubali. Pengine kwa kikao cha ndani ife, kwa chenye wageni ikaliwe na mtu. Bado napima.

Dada_wa_Mradi:
Na kama zimebaki dakika 10 tu? Hakuna muda wa karatasi wala tiki.

Bwana_Ratiba:
Dakika 10 mimi nasogeza kuanza kwa dakika 15 na natangaza hivyo wazi. Watu wakusanyike, wewe usimame mlango wa zamani na simu sikioni. Kuna mabosi hawakubali kusogeza, najua, wanataka saa ileile hata kama nusu hawapo. Hapo sina dawa.

Katibu_Posta:
Wakuu narudi na mrejesho, ni Jumanne nyingine. Nilipofungua kalenda jana nilikuta lile tukio langu jipya la wiki iliyopita bado lipo, nimelifuta, na kwenye maelezo ya kikao cha kila wiki nimekuta linki mbili za zamani, nimeacha moja. Asubuhi hii chumba cha ghorofa ya pili kiyoyozi kimeharibika, saa 2 na dakika 50 nikaambiwa tuhame tena. Nikapanda ya tano kwanza, nikakuta viti 9. Kijana wa IT akaniongezea vitano. Tukafungua Meet ileile, sikugusa linki.

Meseji nimeituma saa 3:05 kama alivyoiandika Bwana Ratiba, nimebadilisha tu kuwa mlango ni wa kulia. Wageni watatu nimewapigia. Karatasi nimempa mlinzi na mapokezi, na nimeandika bonyeza 5. Saa 3:35 tiki zilikuwa 15 na wageni wakiwemo. Watatu waliobaki, mmoja alikuwa amesoma hajajibu, mmoja nimemtumia SMS akajibu hapohapo, wa mwisho ni yule wa mwendokasi Kimara, simu imezimwa kabisa. Dada anayekaa naye meza moja akaenda kusimama mlango wa ghorofa ya pili, akamdaka saa 4 na dakika 6 akimshika mkono mlangoni.

Tumeanza saa 4 na dakika 8. Wa Dodoma aliingia wa kwanza.

Mapokezi_Mjini:
Safi sana dada. Karatasi ya mlinzi kaitoe kikao kikiisha, isije ikawapandisha watu kesho.

Katibu_Posta:
Nashuka sasa hivi.